UZI: Trafiki kakupungia mkono kwenye beria, unasimamaje na unatoa karatasi zipi?

Mgeni_wa_Makole (mleta mada)

Wakuu poleni na mihangaiko. Nimenunua IST ya mkononi hapa Dar, nikaipeleka Dodoma wikiendi hii ndio safari yangu ya kwanza ndefu nikiwa mwenyewe kwenye usukani. Njia ya Morogoro, giza linaanza kuingia, nikakuta kizuizi, afande wa nguo nyeupe kanyoosha mkono nami nikaegesha pembeni. Kaomba leseni, kadi ya gari na bima. Leseni ipo, kadi ni fotokopi na bado ina jina la aliyeniuzia, bima sina stika kwenye kioo ila nna faili kwenye simu. Hapo hakuna shida aliangalia tu. Akaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake akaniambia hii gari inadaiwa elfu sabini na tano, makosa mawili ya mwaka jana. Mwaka jana mie hata sijui hii gari ilikuwa wapi!

Wakati naongea nae akaja mwenzake, huyu sio trafiki ana gwanda la kawaida, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo. Hajasema kitu. Nimelipa kwa M-Pesa palepale nikarudishiwa ufunguo nikaondoka, lakini nimebaki na maswali. Nilitakiwa nishuke au nikae ndani? Fotokopi ya kadi inatosha? Deni la mtu mwingine kwanini nilipe mimi? Na ule ufunguo vipi?

---

ChapaLapa

Mkuu umeonewa. Kwanza leseni hutakiwi kumkabidhi, unamuonyesha kupitia kioo anasoma basi. Pili huyo asie trafiki hana mamlaka yoyote barabarani, ungemwambia tu afande samahani wewe sio wa kitengo. Na stika ya bima lazima ikae kwenye kioo, pamoja na rodi laisensi, ungekuwa nazo wasingekusumbua.

---

Mzee wa Semi

ChapaLapa utawafungisha watu wewe 😂

Nimeendesha Dar Tunduma miaka mingi ngoja niseme ninavyofanya mimi. Ukishaona koni au beria mbele punguza mapema, usisubiri mpaka mkono unyanyuke. Ukinyooshewa mkono washa indiketa ya kushoto, angalia saiti mira, toka nje ya lami kabisa ndio usimame. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu, anaona mkono anashika breki palepale kwenye lami, nyuma yake kuna semi limebeba tani thelathini linashuka, utasababisha msiba kwa kuwa mtiifu. Afande hakuwekei stopwochi, ukitembea mita hamsini mbele ukitafuta sehemu ya kuegesha huku indiketa inawaka anajua umeshamuona.

Usiku shusha taa kubwa, maana ukimmulika machoni unamkera na yeye hakuoni wewe ni nani. Ukishasimama washa taa ya ndani, shusha kioo, zima gari, mikono iache kwenye usukani. Kushuka usishuke mpaka uambiwe. Ukimuona mtu anashuka mbio anamfuata afande na waleti mkononi ujue huyo kaenda kujadiliana, na afande nae anajua hivyohivyo.

Salamu ni "habari za kazi afande", mwanamke mwanaume wote afande, usiniletee habari za dada au mrembo.

---

Mama Junior wa Kibaha

Hapo kwa dada, Mzee, umeongea, nimewahi kumsikia kijana mmoja anamwita trafiki "mrembo" alikaguliwa mpaka taa ya namba ya nyuma 🤣

Mi swali langu ni usiku. Mwanamke peke yako na mtoto kalala siti ya nyuma, watu wanakusimamisha sehemu hakuna hata taa, utajuaje ni polisi kweli? Mume wangu anasema nisisimame niende mpaka kituo cha karibu.

---

Wakili Mtoro

Nimepita naona mada nzuri majibu mengine yananitia hofu, ngoja niongeze kidogo.

Kwa mleta mada. Leseni unamkabidhi. Anatakiwa aisome, alinganishe picha na sura yako, aangalie tarehe ya mwisho na daraja, na siku hizi namba yake anaiingiza kwenye mfumo, sasa atafanyaje hayo yote kupitia kioo? Kitu unachoweza kudai ni kwamba leseni isipotee machoni pako, akienda nayo kwa mwenzake muulize kwa adabu anaipeleka wapi.

Rodi laisensi ndugu yangu ChapaLapa ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kila ukijaza tenki ushalipa. Mtu akikudai leo rodi laisensi ya gari binafsi muulize anaongelea karatasi ipi. Na bima ni ya kielektroniki tangu 2021, stika ya karatasi sio kigezo tena. Afande anaingiza namba ya gari anaona kama bima ipo hai. Na wewe unaweza kuangalia mwenyewe tiramis.tira.go.tz, na nakushauri uangalie KABLA ya safari, kwa sababu kuna mawakala wanachukua hela wanakupa karatasi nzuri ina rangi zote ila mfumoni hakuna kitu. Mtu anakuja kujua siku ya beria, au mbaya zaidi siku ya ajali.

Suala la polisi wa kawaida, polisi yeyote mwenye sare akikupa ishara ya kusimama unasimama. Usianze kuuliza kitengo. Trafiki ndie anaejua mambo ya makosa ya barabarani na mashine anayo yeye, lakini beria za usiku nyingi zipo kwa ajili ya uhalifu, wizi wa magari, magendo, na pale utawakuta mchanganyiko. Asie na sare ndio una kila sababu ya kumuomba kitambulisho kabla hujafungua mlango.

---

Hiace ya Mbagala

Mada nzuri sana hii. Mimi juzi nimepigwa tochi nina spidi 58 kwenye hamsini, afande kakaa nyuma ya mwembe ananiambia kibao nimekipita, kibao chenyewe kimefunikwa na majani. Elfu thelathini imeenda. Sasa hapo haki iko wapi? Na latra nao wananidai.

---

Mzee wa Semi

Kaka hapa tunaongelea beria na karatasi, ya tochi ni uzi mwingine. Ila kwa faida yako ile hamsini inaanza kwenye kibao cha 50 na kuisha kwenye kibao chenye 50 iliyokatwa mstari, ukiona kibao kimefunikwa piga picha papo hapo maana kesho utakuta wamefyeka.

Na Hiace yako inabeba abiria kwa hiyo usijilinganishe na IST ya huyu bwana. Wewe una leseni ya daraja C, una kibali cha LATRA, una mambo ya ratiba na njia. Yeye na daraja D lake anatembea.

---

Mgeni_wa_Makole

Wakili asante sana. Sasa nieleweshe hilo deni.

---

Wakili Mtoro

Haya tukae hapa kidogo maana ndio penye kesi yako.

Faini ya kosa moja kwa gari ni elfu thelathini. Ukiandikiwa unapewa notifikesheni yenye kontrol namba, una siku saba za kulipa, na unaondoka na safari yako, hakuna sharti la kulipa ukiwa umesimama pale pale. Siku saba zikipita mfumo unaongeza robo, yaani 7,500, inakuwa 37,500. Chukua 37,500 mara mbili unapata sabini na tano yako. Kwa hiyo afande hakubuni namba, makosa mawili yalilala bila kulipwa.

Sasa kwanini wewe? Kwa sababu deni linatafutwa kwa namba ya gari. Alieandikiwa ni mtu lakini kwenye beria kinachoingizwa ni T namba fulani, na gari ikionekana inadaiwa inazuiwa mpaka ilipwe. Kisheria unaweza kubishana kwamba dereva aliefanya kosa ni mwingine, ni hoja ya kweli kabisa, ila hautaishinda saa moja jioni ukiwa njiani Dodoma. Ulichofanya ni sawa, lipa kwa kontrol namba, tunza meseji, halafu mdai aliyekuuzia.

Fungua tms.tpf.go.tz uingize namba ya gari, utaona tarehe, sehemu, kosa, faini na ile nyongeza kwenye safu yake. Kama tarehe za makosa ni kabla ya tarehe ya mkataba wako wa mauziano unazo karatasi mbili mkononi, muuzaji hana pa kutokea. Mnaotaka kununua gari ya mtu fanyeni hiki kitu kabla hamjahesabu hela, ni dakika moja tu na ni bure.

Angalizo lingine, hakikisha ulicholipa kimeingia kwenye kontrol namba ya serikali na meseji imeonyesha hivyo. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi au ukaambiwa weka kwenye leseni uikunje, hiyo sio faini tena. TAKUKURU namba yao ni 113, bure.

---

Toto la Boda

Sisi boda ni elfu kumi sio thelathini, ilishushwa 2021 msituchanganye. Ila tunasimamishwa kila kona aisee. Kwetu kinachoulizwa kwanza ni helmeti mbili, yako na ya abiria, hapo hata leseni hajaomba. Nna jamaa kaandikiwa kwa sababu abiria kagoma kuvaa eti nywele zitaharibika, katoka saluni 😭 aliyeandikiwa ni yeye sio bibie

---

ChapaLapa

Sawa wakili nimekubali ya rodi laisensi, lakini kuna hii, ukisahau leseni nyumbani una masaa 72 ya kuipeleka kituoni. Hiyo usiniambie nayo nimebuni, kila mtu anaijua.

---

Wakili Mtoro

Hujabuni, na watu wanaitaja sana. Ila angalia inavyokuwa njiani. Wewe unasema nimeiacha nyumbani Tabata, afande yuko Gairo, atajuaje kwamba unayo? Akiwa na mtandao anaweza kuitafuta kwenye mfumo kwa jina au namba, akiona ipo hai mnaongea vizuri. Mtandao ukiwa chini anakuandikia. Kwa hiyo itumie kama kinga ya mwisho, usiondoke nyumbani huna leseni kwa kutegemea masaa 72.

Picha ya leseni kwenye simu vilevile, wapo wanaoipokea wapo wanaokataa. Inasaidia kwa sababu namba ya leseni inasomeka, ila sio leseni. Na muangalie tarehe jamani, hizi za sasa zinadumu miaka mitano watu wanasahau kabisa kama zinaisha, mtu anaitoa kwa mbwembwe kumbe imekufa miezi minne.

---

Mama Junior wa Kibaha

Mmenisahau 🙋🏾‍♀️

---

Mzee wa Semi

Hatujakusahau mama. Mimi na mumeo hatukubaliani kwenye hili. Kama kuna koni, gari la polisi, watu wenye sare na magari mengine yamesimama, hapo simama. Ukipita kasi wanapiga simu beria ya mbele wanasema kuna gari imekimbia, sasa hapo unasubiriwa kwa namna nyingine kabisa na hawajui kama ndani kuna mtoto amelala, wanajua kuna mtu kakimbia.

Ila kama ni gogo barabarani na watu wawili wana tochi, hakuna sare hakuna gari la polisi, hata mimi sisimami.

---

Wakili Mtoro

Naungana na Mzee. Kuna katikati pia, sare unaiona lakini roho haijatulia. Washa hazadi, tembea taratibu sana ili ionekane wazi hukimbii, simama kwenye mwanga wa karibu hata kama ni duka au sheli, milango ikiwa imefungwa kioo umeshusha kidogo cha kupitisha maneno. Unamwambia afande nimesimama hapa kwa sababu kule giza nipo na mtoto. Sisemi kila afande atafurahi. Wapo watakaonung'unika, ila huwezi kulinganishwa na mtu aliyekimbia.

Na wakitaka kukupekua mwilini mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, hilo lipo kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai na halina mjadala. Kufungua buti ili waone pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto ni ukaguzi wa kawaida, fungua. Kuanza kufungua mabegi ni kitu kingine, muulize afande anatafuta nini. Wakichukua kitu chako omba risiti ya walichochukua, na wewe uwepo wakati wanapekua, usibaki ndani ya gari huku wao wapo nyuma wenyewe na mabegi yako.

---

Toto la Boda

Mtungi wa moto lakini kuna ukakasi, kuna siku dereva wa gari nilikuwa nimepanda lifti kaambiwa mtungi upo ila umeisha muda

---

Mzee wa Semi

Ndio, wanaangalia geji. Mshale ukiwa kwenye kijani umepona, ukiwa kwenye nyekundu ni chuma tu umebeba. Na uufunge sehemu, usiuache unazunguka miguuni kwa dereva maana siku utaingia chini ya pedeli ya breki. Pembetatu ziwe mbili na ziwe nzima, kuna watu wana kipande kimoja cha plastiki kimekatika kimefungwa na raba bendi anaambia watu nayo ni pembetatu.

---

Mgeni_wa_Makole

Kwenye kadi hamjanijibu, na ufunguo.

---

Wakili Mtoro

Kadi. Kwa gari binafsi watu wengi wanatembea na fotokopi, orijino inakaa nyumbani au ipo benki kama gari ni ya mkopo, na trafiki wanalijua hilo. Mimi mwenyewe natembea na fotokopi. Tatizo lako sio fotokopi, tatizo ni jina. Leseni inasema wewe, kadi inasema mwingine, usiku kwenye beria ya kutafuta magari ya wizi hilo ni swali la haki kabisa. Kwa hiyo mpaka utakapobadilisha umiliki TRA tembea na nakala ya mkataba wa mauziano ndani ya gari, na namba ya muuzaji anayepatikana. Kama gari ni ya shemeji au ya ofisi kabarua kafupi kamesainiwa kanasaidia, ingawa wengi huwa wanapiga simu tu kwa mwenye gari inaisha.

Sasa sikiliza hii ambayo hukuuliza. Bima uliyoonyesha ina jina la nani? Kama ni la aliyekuuzia, mfumoni itasoma ipo hai na afande atakuruhusu upite, lakini mkataba wa bima ni kati ya kampuni na yule bwana, haukuhamia kwako siku mliyopeana hela. Ukigonga mtu kesho kampuni inaweza kukuuliza wewe ni nani. Nenda kwao na mkataba wa mauziano wabadilishe jina au kata bima yako mpya. Beria unaweza ukapita nayo hivyohivyo mwaka mzima, na hapo ndipo watu wanapojisahau.

Ufunguo. Kosa la notifikesheni halihitaji ufunguo, linahitaji namba ya leseni na namba ya gari basi. Kuingiza mkono ndani ya gari ya mtu bila neno sio utaratibu mzuri na ni hatari, gari ikiwa haijazimwa inaweza kusogea na mkono wake ukiwa ndani. Ila gari yako ilikuwa inadaiwa, na gari inayodaiwa wanaweza kuizuia isiondoke, kwa hiyo atajitetea kwamba ndio alichokuwa anafanya.

---

ChapaLapa

Kuizuia sawa, aseme basi! Afande naomba ufunguo gari yako ina deni. Kuna ugumu gani? Hapo sikubaliani na wewe wakili, ni ubabe tu.

---

Wakili Mtoro

Kwenye kusema tupo pamoja. Ninachokataa ni watu wavutane ufunguo na askari mwenye silaha. Muachie, soma jina kwenye kibati cha kifuani au namba yake, kumbuka saa na sehemu, kesho nenda ofisi ya mkuu wa trafiki wa mkoa ukalalamike kwa maandishi.

---

Mzee wa Semi

Mimi ufunguo wangu nikishazima gari nachomoa mwenyewe naweka mfukoni kabla hajafika dirishani. Akiutaka ataniomba.

---

Hiace ya Mbagala

Hiyo ya mfukoni nzuri ila konda wangu ndio anabaki na ufunguo wa akiba sijui na yeye wamchukulie. Halafu wakili ile notifikesheni ukiona sio kosa lako lazima ulipe?

---

Wakili Mtoro

Hapana. Ile njia ya kulipa ni ya mtu anayekubali kosa. Hukubali, unamwambia afande silikubali, kesi inaenda mahakamani mnakutana huko na ushahidi wake na picha yako ya kibao chenye majani. Ukishalipa ndio umekubali hivyo. Shida ni muda na nauli, wengi wanapiga hesabu wanaona bora thelathini iende. Kama picha unayo na kibao bado kimefunikwa, mimi ningeenda.

---

Mgeni_wa_Makole

Nimefungua tms sasa hivi, makosa yote mawili ni mwezi wa nane mwaka jana, moja ni kuovateki sehemu isiyoruhusiwa, lingine ni bima iliyoisha. Mkataba wangu ni wa mwezi uliopita. Sasa yanasomeka yamelipwa. Nimempigia muuzaji anasema atanitumia nusu, eti na mimi nimefaidi gari 😅

Bima ni kweli ina jina lake. Jumatatu naenda.

---

Mama Junior wa Kibaha

Nusu ya nini sasa, wewe ndio ulikuwa unaovateki? Mtumie skrinshoti ya zile tarehe kwenye wasapu halafu nyamaza, usibishane nae.